Picha za Mtihani Zinazoonesha Wapi pa Kufundisha Upya

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ndani yake kuna picha za majibu yenyewe, yakiwa na mwandiko wa mtoto na njia aliyopita, na chini yake maelezo ya pale alipokosea. Mwalimu wa darasa anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa simu yake, jioni moja, kabla hajawarudishia wanafunzi karatasi zao.

Tuchukue mfano wa Darasa la Sita lenye wanafunzi 60. Mtihani wa hisabati umekwisha kusahihishwa. Mwalimu anaziweka karatasi karibu na dirisha, anashika simu juu yake bila kuiinamisha, na kupiga picha kwa kufuata mpangilio wa daftari la mahudhurio. Jina hulifunika kwa kipande cha karatasi chenye namba. Kila picha huikuza palepale kuhakikisha njia inasomeka, maana jibu la mwisho peke yake halitamsaidia.

Kisha anazipitia picha swali kwa swali. Akipitia mwanafunzi mmoja mmoja atapata picha ya mtoto; akitazama swali la saba kwa wote 60 mfululizo, atapata picha ya darasa. Swali lenyewe ni hili: 2/3 + 1/4. Jibu ni 11/12.

Waliopata ni 22. Sita hawakuandika kitu. Wanne walipita njia sahihi wakateleza kwenye kuzidisha au kujumlisha. Waliobaki ni 28, na hapo ndipo penye kazi. Kati yao, 17 wameandika 3/7: wamejumlisha namba za juu, wakajumlisha na za chini. Wengine 11 wamepata asili ya 12 kama walivyofundishwa, lakini namba za juu wameziacha zilivyokuwa, wakaandika 3/12.

Kundi hili la pili ndilo linaloponyoka kirahisi. Baadhi yao wamerahisisha 3/12 na kuandika 1/4, hivyo anayehesabu majibu ya mwisho atadhani kuna makosa mawili. Njia iliyo kwenye picha inaonesha kuwa ni kosa moja. Kwa sababu hiyo muhtasari hupangwa kwa chanzo cha kosa: safu ya kwanza kosa lenyewe, ya pili idadi ya wanafunzi, ya tatu namba ya picha iliyo mfano mzuri. Mwanafunzi huhesabiwa mara moja tu kwa kila kosa, hata kama amelirudia katika maswali matatu. Akilirudia, ni dalili kwamba hajaelewa. Likitokea mara moja wakati maswali mengine ya aina hiyo amepata, huenda aliteleza tu.

Alama ya vema nayo yaweza kuficha kosa. Mtoto akiulizwa ipi kubwa kati ya 0.75 na 0.5, atajibu 0.75 na kupata, hata kama sababu yake ni kwamba 75 ni kubwa kuliko 5. Mpe 0.35 na 0.5, ndipo kosa litajitokeza. Muhtasari hauwezi kuonesha kile ambacho swali halikukipima.

Makundi yale mawili ya swali la saba yanahitaji masomo tofauti. Walioandika 3/7 wapewe ukanda wa karatasi waukunje, walinganishe 3/7 na 2/3. Wataona kuwa 3/7 ni ndogo kuliko 2/3 waliyoanza nayo, ingawa wameongeza kitu juu yake. Walioandika 3/12 hawana shida ya kutafuta asili. Wao warudishwe kwenye sehemu zilizo sawa: 2/3 ni 8/12, na 1/4 ni 3/12. Kuwarudishia hawa somo zima la kutafuta kigawe kidogo cha shirika ni kuwafundisha wanachokijua.

Baada ya siku chache, wote wapewe swali moja jipya, mathalani 3/5 + 1/3. Jibu sahihi ni 14/15. Anayeandika 4/8 au 1/2 bado yuko kundi la kwanza; anayeandika 4/15 bado yuko la pili. Idadi hizo zikilinganishwa na 17 na 11 za mwanzo, mwalimu atajua kama somo la marudio limefanya kazi.

Picha hizo zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata majina yakiwa yamefunikwa, kwa kuwa mwandiko wa mtoto hutambulika. Muhtasari ukishakamilika, picha zifutwe. Na kwa mwalimu ambaye hajawahi kujaribu, asianze na mtihani mzima: achague swali moja ambalo wengi wamelikosa, alipige picha kwa darasa lote kabla ya kurudisha karatasi.