Shilingi 360,000 za Mwanahisa Aliyeshindwa Kulipa

Mtu aliomba hisa, akalipa shilingi 360,000, kisha akanyamaza. Barua zikamfuata, hakujibu. Mwishowe bodi ya wakurugenzi ikalifuta jina lake kwenye daftari la wanahisa, na fedha zake hazikurudi. Kwa anayejiandaa kwa mitihani ya NBAA huku Tanzania au ya KASNEB kule Kenya, hapo ndipo swali la utoaji wa hisa linapoanza kuuma. Kupokea maombi si kazi ngumu. Kinachowaangusha watu ni hizo shilingi 360,000: ziingie akaunti gani, na mtaji upunguzwe kwa kiasi gani?

Kwanza tujue kwa nini hisa ilipwe vipande vipande. Utaratibu huu ulishamiri enzi za kampuni za reli za Uingereza, katika miaka ya 1840. Reli haijengwi kwa siku moja, kwa hiyo mwenye hisa alitoa malipo kidogo ya awali, na wakurugenzi wakaita fedha zaidi kadiri ujenzi ulivyosonga. Kila wito ulikuwa deni. Homa ya reli ilipopoa na bei za hisa kuporomoka, wito ziliendelea kuja vilevile, na wengi waliuza kwa hasara ili tu wazikwepe.

Leo anayenunua hisa mpya kupitia soko la Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida hulipa zote siku ya kuomba. Hata hivyo sheria za makampuni bado zinaruhusu malipo ya awamu, na watunga mitihani hawako tayari kuuacha utaratibu huu, maana ni kipimo kizuri cha nani anaelewa maingizo mawili na nani amekariri.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayosindika korosho Mtwara. Inatoa hisa 100,000, kila moja ikiwa na thamani ya shilingi 1,000, lakini inaziuza kwa 1,200. Ile 200 ya juu ndiyo premiamu, na haichanganywi na mtaji. Ina akaunti yake. Malipo yamepangwa hivi: 300 wakati wa kuomba, 500 baada ya kugawiwa (humo ndani kuna 200 za premiamu), 200 kwa wito wa kwanza na 200 kwa wito wa mwisho.

Maombi yanakuja ya hisa 150,000. Jambo la namna hii si la vitabuni tu. Mwaka 2008 hisa bilioni 10 za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 ya Kenya kila moja, waombaji walikuwa wengi kupita kiasi, na watu wakapata sehemu ndogo ya walichoomba. Ila pale kuna mtego ambao mhasibu makini hauruki: zilikuwa hisa za Serikali ya Kenya ikiuza sehemu yake. Fedha zilikwenda serikalini, na mtaji wa kampuni haukuongezeka hata senti. Swali likikuambia mwanahisa anauza alichonacho, akaunti ya mtaji usiiguse.

Turudi Mtwara. Benki imepokea milioni 45, yaani 150,000 mara 300. Fedha hizi bado si mtaji. Mpaka bodi iketi na kugawa hisa, ni mali ya waombaji iliyo mikononi mwa kampuni, ndiyo maana zinakaa kwanza kwenye akaunti ya maombi. Bodi inakataa maombi ya hisa 30,000 na kuwarudishia wenyewe milioni 9. Waliobaki waliomba 120,000, nao wanagawiwa 100,000 kwa uwiano: kila aliyeomba 6 anapata 5. Sasa akaunti ya maombi inafungwa. Milioni 30 zinakwenda kwenye mtaji, na milioni 6 zilizozidi zinahamishiwa akaunti ya mgawo, zipunguze kile ambacho wanahisa wangedaiwa hapo. Deni la mgawo lilikuwa milioni 50, linabaki 44.

Mtu wetu aliomba hisa 1,200, akagawiwa 1,000. Alikuwa amelipa 1,200 mara 300, ndizo zile 360,000. Kwa hisa 1,000 alizopata, maombi yamekula 300,000, na 60,000 zimesogezwa mbele. Mgawo wake ni 500,000, kwa hiyo anadaiwa 440,000. Hapa wanafunzi wengi huandika 500,000, na kosa hilo haliishii hapo: linaingia kwenye fedha za benki, linaingia kwenye hisa zilizotwaliwa, na mwisho wa karatasi mizania inakataa kulingana bila mtu kujua ugonjwa ulianzia wapi. Swali likitaja idadi ya hisa alizogawiwa mdaiwa, kitu cha kwanza ni kurudi nyuma na kutafuta aliomba ngapi.

Mgawo hakulipa. Wito wa kwanza ukaja, 200,000 nyingine, nao hakulipa. Jumla ya malimbikizo yake ni 640,000. Katika hatua hii bado ni mwanahisa. Mtaji ulioitwa umeandikwa wote, na malimbikizo yanaonyeshwa kwenye mizania kwa kutolewa katika mtaji huo, ili msomaji asidhani fedha zimeshaingia. Katiba ya kampuni inaweza pia kuruhusu riba kwa deni lililochelewa.

Kutwaa hisa si uamuzi wa hasira. Lazima katiba ya kampuni iwe imetoa mamlaka hayo, na lazima notisi itangulie. Kanuni za mfano zilizoambatanishwa na sheria ya makampuni ya Uingereza ya 1948, ambazo mpangilio wake ulienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, zilidai notisi itaje siku ya mwisho ya kulipa isiyopungua siku 14 tangu ifike, na ieleze wazi kwamba asipolipa hisa zinaweza kutwaliwa. Siku hizo zikipita, ndipo bodi inapopitisha azimio.

Sasa kalamu ishuke. Swali la kujiuliza ni moja: kwa hisa hizi 1,000, tuliandika nini vitabuni mpaka leo? Mtaji tuliouita ni 300 za maombi, 300 za mgawo na 200 za wito wa kwanza, jumla 800 kwa kila hisa. Tunaondoa 800,000. Hatuondoi 1,000,000, kwa sababu wito wa mwisho haujatolewa na 200,000 zake hazijawahi kuandikwa kwenye mtaji. Wala hatuondoi 360,000 alizolipa, kwa sababu mtaji uliandikwa kwa kilichoitwa, si kwa kilichopokelewa. Premiamu nayo iliandikwa pale mgawo ulipodaiwa, 200,000, lakini haikulipwa: zile 60,000 alizozidisha huhesabiwa kwanza kwenye mtaji. Kwa hiyo premiamu nayo inarudishwa nyuma.

```
Debiti:   Mtaji wa hisa             800,000
Debiti:   Premiamu                  200,000
Krediti:  Mgawo                     440,000
Krediti:  Wito wa kwanza            200,000
Krediti:  Hisa zilizotwaliwa        360,000
```

Shilingi 360,000 zimejitokeza zenyewe, na huo ndio uthibitisho. Akaunti ya hisa zilizotwaliwa lazima ilingane na fedha halisi zilizotoka mfukoni mwa mtu yule. Isipolingana, kuna mahali uwiano umesahaulika.

Linganisha na mwanahisa mwingine mwenye hisa 1,000 ambaye mgawo alilipa wote, akakwama kwenye wito wa kwanza tu. Premiamu yake ilishapokelewa, na premiamu iliyopokelewa haiguswi hata hisa zikitwaliwa. Kwake tungedebiti mtaji 800,000, tukakrediti wito wa kwanza 200,000 na hisa zilizotwaliwa 600,000. Basi. Mtahini akitaka kupima kama umeelewa premiamu, huwaweka watu hawa wawili katika swali moja, na anayewafanyia wote hesabu ya aina moja hujifichua. Hapa kwetu tumwache wa pili, tuendelee na wa kwanza.

Kabla ya kuuza upya hisa hizo, inafaa kusimama na kupima benki. Maombi yaliacha milioni 36 baada ya kurudisha 9. Mgawo ulileta 43,560,000 na wito wa kwanza 19,800,000. Jumla 99,360,000. Upande wa pili mtaji umebaki 79,200,000, premiamu 19,800,000 na hisa zilizotwaliwa 360,000. Jumla ni ileile. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na sijui kwa nini vitabu vingi hukiacha mpaka mwisho, wakati kosa likiwa limeshazaa makosa mengine.

Hisa zilizotwaliwa kampuni inaweza kuziuza tena, hata chini ya bei, ila kuna kikomo. Punguzo halipaswi kuzidi kile alichokwisha kulipa mwenye hisa wa zamani. Kila hisa ya mtu wetu ilikwisha kuchangia 360. Ikiuzwa upya kama hisa iliyolipiwa 800, mnunuzi hawezi kutoa chini ya 440, la sivyo kampuni itakuwa na mtaji vitabuni ambao hakuna mtu yeyote aliyeulipa.

Tuseme bodi inauza hisa 600 kwa 700 kila moja. Benki inapokea 420,000, mtaji unaongezeka 480,000, na pengo la 60,000 linazibwa kutoka akaunti ya hisa zilizotwaliwa. Hapo mkono wa mwanafunzi huwashwa kuchukua salio lote la 300,000 na kuliita faida. Avute pumzi. Zilizouzwa ni 600 kati ya 1,000, na sehemu yake katika 360,000 ni 216,000. Ukitoa punguzo la 60,000, faida ni 156,000. Hizi zinahamishiwa premiamu, au akiba ya mtaji pale vitabu vinapofuata mtindo wa Kihindi. Vyovyote vile haziingii kwenye faida ya biashara, kwa kuwa hazikutokana na korosho hata moja iliyouzwa. Ni fedha za wanahisa zilizobadili jina.

Salio la 144,000 linabaki kwenye akaunti ya hisa zilizotwaliwa, likisubiri zile hisa 400 zipate mnunuzi, na linaonekana kwenye mizania kando ya mtaji. Benki sasa ina 99,780,000. Mtaji ni 79,680,000, premiamu 19,956,000, na ukiongeza 144,000 hesabu inakubali tena. Mnunuzi mpya wa hizo 600 bado ana deni moja mbele yake, wito wa mwisho wa 200, ambao utamfika kama utakavyomfika mwanahisa mwingine yeyote.

Na yule aliyenyamaza? Si mwanahisa tena, hapigi kura wala hapati gawio. Lakini chini ya kanuni zilezile za mfano za 1948, kupoteza hisa hakukumfutia 640,000 zilizokuwa zimeiva siku hisa zilipotwaliwa. Kampuni ilibaki na haki ya kumdai mpaka iwe imepokea malipo kamili ya hisa hizo.