Je, Wajua? Sabuni Hugeuza Manjano Kuwa Mekundu

Je, wajua kwamba doa la mchuzi wenye manjano kwenye kanzu nyeupe huwa jekundu mara tu linapoguswa na sabuni ya mche? Mfuaji asiyejua hushtuka, akadhani kanzu imeharibika zaidi. Akiisuuza vizuri wekundu hupungua na unjano hurudi. Kilichotokea hapo bakulini ni jaribio kamili la kemia, na ukiwa na simu yenye kamera, karatasi na ndimu, unaweza kulifanya video fupi ya watoto.

Rangi hiyo inatokana na kurkumini, kitu kinachoyapa manjano unjano wake. Kurkumini ni kiashiria, yaani hubadili rangi kulingana na kilichoigusa. Ikiguswa na asidi hubaki njano. Ikiguswa na maji matupu hubaki njano pia. Ikiguswa na besi ya kutosha, kama sabuni ya mche au maji ya magadi, huwa nyekundu au ya udongo. Kwa kuwa hugeukia upande mmoja tu, haiwezi kukutofautishia ndimu na maji ya bombani. Mtu wa maabara ataiona hiyo kuwa kasoro. Mwandishi wa video ya watoto anapaswa kuipenda, maana ndimo anamopata swali ambalo karibu kila mtoto atalikosa.

Je, wajua kwamba kutazama jaribio bila kubashiri huacha faida ndogo sana? Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya majaribio yanayoonyeshwa darasani katika somo la fizikia. Wanafunzi waliotazama tu walielewa kwa kiasi kisichozidi sana cha wale ambao hawakuoneshwa jaribio kabisa. Waliotakiwa kwanza kusema kitatokea nini walifanya vizuri zaidi. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo, si watoto wa darasa la tatu, lakini mwandaaji wa video ana kitu cha kuchukua hapo: ubashiri upewe nafasi yake, na utolewe kabla mtazamaji hajaona chochote kikibadilika.

Maandalizi hufanywa na mtu mzima kabla ya kamera kuwashwa. Koroga kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga katika nusu glasi ya maji ya vuguvugu. Paka maji hayo kwenye karatasi nyeupe kwa kipande cha pamba, iache ikauke kabisa, kisha kung'uta unga uliobaki juu. Wengine hutumia spiriti badala ya maji, kwa sababu kurkumini huyeyuka ndani yake vizuri zaidi. Mimi naiacha: spiriti hushika moto upesi, nayo video hii inapigwa jikoni. Katika kikombe kingine kwangua sabuni ya mche kiasi cha kijiko cha chai, uiyeyushe kwa vijiko vitatu vikubwa vya maji ya vuguvugu. Kamua ndimu katika kikombe cha tatu, na cha nne kiwe na maji matupu. Weka vijiti vitatu vya pamba, kimoja kwa kila kikombe cha sabuni, ndimu na maji.

Muswada wenyewe unaweza kwenda hivi. Wanaoonekana ni mtoto wa miaka minane hivi na shangazi yake.

SHANGAZI: Hamjambo watoto? Karatasi yetu leo ni ya njano, imepakwa manjano yale yale ya pilau. Mwanangu, vikombe hivi vina nini?

MTOTO: Hiki maji, hiki ndimu, hiki maji ya sabuni. Shangazi, nionje?

SHANGAZI: Hapana. Vitu vya jaribio havionjwi, hata vikiwa vimetoka jikoni. Na mikono usiipeleke machoni, ndimu na sabuni zote huchoma. Sasa sema: ni kipi kitakachobadili rangi ya karatasi?

MTOTO: Ndimu! Ni kali.

SHANGAZI: (anatazama kamera) Na ninyi mlioko nyumbani? Andikeni jibu lenu kabla hatujagusa karatasi. Maji, ndimu, au sabuni?

Hapa shangazi ananyamaza. Katika muswada andika wazi: kimya, sekunde tano, kamera ikiwa juu ya vikombe. Wakati wa kuhariri vidole vitawasha kuikata sehemu hiyo kwa kuona kwamba hakuna kinachotokea. Usiikate. Ndio wakati pekee ambapo mtazamaji anafanya kazi.

MTOTO: (anagusa karatasi kwa kijiti cha maji) Imelowa tu.

SHANGAZI: Sasa ndimu yako.

MTOTO: (anagusa, anasubiri) Mbona bado ni ya njano? Labda niongeze.

SHANGAZI: Ongeza. Je?

MTOTO: Hakuna kitu.

SHANGAZI: Basi ubashiri wako umekataa. Utabadilisha jibu au utabaki nalo?

MTOTO: Nabadilisha. Ni sabuni. (anachora mstari kwa kijiti cha sabuni) Shangazi, imekuwa nyekundu!

SHANGAZI: Usiondoe mkono. Chukua kijiti cha ndimu, pita juu ya huo mstari mwekundu. Lakini kwanza, utaona nini?

Swali hili la pili ndilo ninalolithamini kuliko la kwanza. La kwanza mtoto alilijibu kwa kukisia. La pili analijibu akiwa na ushahidi wa macho yake, na bado ni gumu, kwa kuwa dakika moja iliyopita ndimu ilionekana haina kazi. Kisha ndimu inapita juu ya mstari, na wekundu unafutika kwa wepesi unaowafanya hata watu wazima wasogeze uso. Kile kikombe cha maji kina kazi yake pia. Bila maji, mtoto mjanja atasema karatasi hubadilika kwa sababu imelowa, naye atakuwa na hoja.

Maelezo yanayofuata yawe mafupi. Kila chembe ya kurkumini imebeba hidrojeni inayoweza kunyang'anywa. Ikiwa nayo, humeza sehemu ya zambarau na ya buluu ya mwanga, nasi tunaona njano. Sabuni, ikiwa besi, hunyakua hidrojeni hiyo. Chembe iliyonyang'anywa humeza mwanga tofauti, hadi kwenye kijani, na kinachorudi machoni petu ni wekundu. Ndimu ni asidi, ina hidrojeni ya kugawa, hivyo huirudishia kurkumini kilichochukuliwa. Ndiyo maana ndimu haikufanya lolote pale mwanzo: hapakuwa na pengo la kuziba.

Je, wajua kwamba Michael Faraday naye alitumia karatasi za manjano? Mwaka 1833, mjini London, aliziweka katika majaribio yake ya kupitisha umeme kwenye myeyuko wa chumvi, na wekundu wa karatasi ukamwonyesha mahali besi ilipokuwa ikijitokeza. Faraday huyo huyo alikuwa mhadhiri hodari wa mihadhara ya Krismasi kwa vijana katika Royal Institution, iliyoanza 1825, na aliitoa kwa misimu 19.

Turudi jikoni, maana jaribio hili lina namna zake za kukataa. Lawama ya kwanza huangukia sabuni. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo hutengenezwa zisiwe besi wala asidi kwa kiasi kikubwa, ili zisiumize mikono, na shampuu nyingi ni asidi kidogo. Ukizipaka kwenye karatasi, utaona povu na unjano tu. Sabuni ya mche, au ya unga ya kufulia, kwa kawaida haikosi. Ukipenda magadi, chembe chache katika kijiko cha maji zinatosha, na mtu mzima ndiye ayashike, kwa sababu myeyuko wake mzito huwasha ngozi na ni hatari kwa macho. Unga wa kuumulia keki usiutumie badala ya magadi: ndani yake mmechanganywa asidi na besi kwa makusudi, na vikilowa huanza kumalizana vyenyewe huku vikitoa mapovu.

Tatizo la pili huonekana mapema zaidi. Karatasi inageuka ya udongo wakati wa kuipaka manjano, kabla sabuni haijafika. Karatasi nyingi za kuchapishia zimetiwa chokaa, nayo ni besi hafifu. Ukitumia kitambaa cha pamba badala ya karatasi, huenda kimebaki na sabuni ya mfuo uliopita. Karatasi laini ya jikoni ina uwezekano mdogo wa kuleta shida hii. Jaribu kipande kidogo siku moja kabla ya kupiga video.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiingii kwenye meza hii hata kwa kudadisi: dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Ikichanganyika na siki au ndimu hutoa gesi yenye sumu. Iwe kwenye kabati lililofungwa, na shangazi alitamke hilo mbele ya kamera, kwa sababu mtoto aliyeona sabuni ikifanya maajabu atatafuta chupa nyingine ya kujaribu.

Kamera ya simu nayo hudanganya. Ukijaza picha kwa karatasi ya njano, simu hujaribu kusawazisha rangi yenyewe, na wekundu ukitokea huonekana kama kahawia iliyochoka. Weka karatasi juu ya sahani nyeupe ionekane pembeni, piga karibu na dirisha mchana, zima balbu ya njano, na kama simu yako inaruhusu, funga mwanga kwa kubonyeza skrini kwa muda. Tangu kijiti kinapogusa karatasi hadi rangi inapogeuka, pasiwe na mkato hata mmoja. Watoto wa siku hizi wanajua video hukatwa, na mkato mahali hapo wataushuku. Piga pia kwa wakati wake: kurkumini iliyo ndani ya besi huharibika taratibu, na mstari uliowaka mwanzoni huenda ukafifia ukawa wa udongo usiorudi njano hata kwa ndimu.

Je, wajua kwamba jua hulifuta doa la manjano vizuri zaidi kuliko sabuni inavyolifuta? Mwanga huivunja kurkumini, ndiyo maana nguo yenye doa ikianikwa juani huanza kung'aa. Kwa video ya pili, kata karatasi ya njano vipande viwili, kimoja kibandike dirishani penye jua, kingine kifungie kitabuni. Mtoto aandike ubashiri wake nyuma ya kila kipande kabla ya kuvitenganisha. Jioni vitolewe vyote viwili, viwekwe kwenye sahani ile nyeupe, na vipakwe maji ya sabuni kwa pamoja. Pale ambapo kurkumini imekwisha kuvunjwa, sabuni haina cha kugeuza.