Kuhesabu Punje Mbovu: Mwanafunzi Ajipime Kwanza, Mwenzake Ampime Baadaye

Ndugu wafanyakazi, hapa Bujumbura wanaochambua kahawa iliyokobolewa hujifunza kwa kukaa karibu na wazoefu. Wakipimana wao kwa wao hujifunza upesi, lakini wasipotayarishwa watadanganyana.

Katika kipimo kinachotumika sana huchukuliwa gramu 350 za kahawa. Punje nyeusi tupu ni kasoro moja. Punje zilizo nyeusi nusu zinahitajika 3 kufanya kasoro moja, na zilizovunjika 5. Kukariri haya hakutoshi. Mwalimu abandike punje halisi kwenye kadi, hasa zile za utata: hii bado ni nyeusi nusu, hii sasa ni nyeusi tupu. Wanafunzi wabishane juu ya punje hizo mpaka waelewane. Bila hayo, kila mmoja atahukumu kwa macho yake.

Halafu mwalimu atayarishe sinia kwa siri. Kwa mfano, katika kahawa safi atie nyeusi tupu 4, nyeusi nusu 6 na zilizovunjika 10. Kasoro ni 4, na 2, na 2, jumla 8. Sinia lipewe namba, si jina la mtu. Mwanafunzi achambue, aandike hesabu yake, akunje karatasi. Punje zote zirudishwe na kuchanganywa, kisha mwenzake achambue upya bila kuiona karatasi ile.

Tuseme wote wawili wameandika 6. Msifurahi kwamba wamekubaliana! Mwalimu atazame rundo la kahawa safi: akizikuta nyeusi nusu 6 humo, basi macho yao yamekosea pamoja, warudi kwenye kadi. Lakini wa kwanza akiandika 6 na wa pili 8, wakae wote wawili na sinia, waonyeshane punje yenyewe. Kusema tu "umefanya vizuri, dada" hakumfundishi mtu.

Kesho yake sinia lile lile lirudi na namba mpya. Jana alihesabu 8, leo 5? Huyo bado hawezi kujipima mwenyewe, hata kama jana alipatia.

Sasa niseme jambo linalonihusu mimi wa chama. Katika kiwanda kimoja nilichokitembelea, msimamizi alizichukua karatasi za mafunzo akakata ujira kwazo. Siku ya pili kila karatasi ilisema hakuna kasoro, na kila rafiki alithibitisha. Mwalimu alidhani wameelewa somo, kumbe wamelinda mkate wa watoto. Nani angemwandikia mama mwenzake kasoro 8 kwa hali ile?

Ndiyo sababu, kabla ya sinia la kwanza, tunadai msimamizi akubali mbele ya wote kwamba karatasi za mafunzo hazitaingia ofisini. Zikae kwa mwalimu, na mafunzo yakiisha zichomwe.