Nani Kalishika Faili Langu?

Katibu wa chama cha akiba na mikopo anapanga kumbukumbu za ofisi. Ana folda inayoitwa "Vikao 2024" na anataka iitwe "Vikao vya zamani". Anaandika jina jipya, anabonyeza Enter, na Windows inamletea kidirisha chenye kichwa `Folder In Use` na maneno haya:

```
The action can't be completed because the folder
or a file in it is open in another program
```

Yaani kuna programu nyingine iliyofungua folda hiyo au faili lililomo ndani yake. Katibu anabonyeza `Try Again` mara kadhaa, jibu ni lile lile. Anatazama chini ya skrini: Word haipo, Excel haipo. Sasa hiyo programu nyingine ni ipi?

Jibu lake linaanzia pale faili linapofunguliwa. Programu haijichotei faili kutoka diskini. Huiomba Windows iifungulie. Katika ombi hilo hutaja mambo mawili. La kwanza, yenyewe inataka kusoma, kuandika au vyote viwili. La pili, ndilo linalotuhusu hapa, wengine waruhusiwe kufanya nini wakati yenyewe bado imelishika faili. Ruhusa za kuwaachia wengine ni tatu: kusoma, kuandika na kufuta. Kubadili jina kumewekwa kwenye kundi la kufuta, kwa kuwa jina la zamani nalo linaondoka. Programu isipoitoa ruhusa hiyo ya tatu, faili halifutiki wala halibadilishwi jina mpaka programu ilifunge. Kuwa na akaunti ya msimamizi wa kompyuta hakusaidii, maana Windows haikuulizi cheo. Inaangalia faili limeshikwa kwa masharti gani.

Folda ni ngumu zaidi. Ukibadilisha jina la folda, anwani ya kila kilichomo inabadilika kwa mkupuo. Kwa hiyo faili moja tu lililo wazi ndani yake, hata likiwa limefichika ngazi tatu chini, linatosha kuizuia folda nzima.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Fungua faili la maandishi matupu, lenye mwisho wa `.txt`, kwa Notepad, kisha lifute huku dirisha likiwa bado wazi. Litafutika bila ubishi, kwa sababu Notepad hulisoma faili, ikaliachia, na unachokiona kwenye skrini ni nakala iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Fanya hivyo hivyo kwa waraka wa Word, na Windows itakataa, ikikutajia Word kuwa ndiyo inayoushikilia. Kumbe dirisha kuwa wazi na faili kushikwa ni mambo mawili tofauti. Na kinyume chake ni kweli: faili linaweza kushikwa na programu isiyo na dirisha lolote.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko Windows yenyewe. Uliingia na DOS 3.0 mwaka 1984, kompyuta za ofisini zilipoanza kuunganishwa na watu wawili wakaweza kufungua faili moja kwa wakati mmoja. Wengine walichagua njia tofauti. Kwenye Linux, kufuta ni kuliondoa jina tu. Programu iliyokuwa ikilisoma faili inaendelea nalo, na nafasi yake diskini huachiliwa programu ya mwisho ikishalifunga. Windows imeamua kumlinda aliyetangulia kufungua. Ndiyo maana masasisho yake mengi hudai kompyuta iwashwe upya: mafaili ya mfumo yanayotakiwa kubadilishwa yako mikononi mwa programu zinazofanya kazi.

Turudi kwa katibu wetu. Windows ina chombo chake cha kumtafuta mshikaji, hakihitaji kupakuliwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, kisha Enter. Itafunguka `Resource Monitor`. Nenda kwenye kichupo cha `CPU`, tafuta sehemu iliyoandikwa `Associated Handles`, na kwenye kisanduku chake cha kutafutia andika sehemu ya jina la folda, kwa mfano `Vikao 2024`. Baada ya sekunde chache unapata orodha yenye jina la programu, namba yake chini ya `PID`, na njia kamili ya kile ilichokishika.

Katibu anaona mstari mmoja: `WINWORD.EXE`, na njia inayoishia kwenye `Muhtasari Machi.docx`. Word, basi, haikuondoka. Ilikwama wakati wa kujifunga. Dirisha likatoweka, programu ikabaki. Kuna dalili nyingine ndani ya folda hiyo, ikiwa umeruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane: kifaili kiitwacho `~$htasari Machi.docx`. Word hukiweka kando ya waraka ulio wazi ili kuandika jina la anayeutumia, na hukiondoa ukifungwa vizuri. Kukifuta chenyewe hakuufungui waraka; Word ndiyo yenye kuushika.

Kinachobaki ni kuisimamisha Word. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua `Task Manager`, nenda kwenye `Details`, tafuta namba ile ile ya PID, kisha ubonyeze `End task`. Hapa pana tahadhari moja ya kweli. Kwa kawaida nyaraka zote za Word zilizo wazi huhudumiwa na WINWORD.EXE moja, kwa hiyo ukiisimamisha, lolote ambalo hujalihifadhi linapotea. Hifadhi kwanza. Programu ikishakufa, Windows huachilia kila ilichokuwa imekishika, na jina la folda linabadilika mara moja.

Mshikaji si Word kila mara. Kidirisha cha maelezo cha `Command Prompt` kilichosimama ndani ya folda kinatosha kuizuia isibadilishwe jina, hata kama hakifanyi kitu. Kioo cha hakikisho upande wa kulia wa Explorer nacho hufungua faili ili kukuonyesha yaliyomo; kizime kwa Alt na P, ujaribu tena. Na folda ikiwa kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, `resmon` yako haitaonyesha mfanyakazi wa chumba cha pili aliyelifungua faili hilo. Huyo hutafutwa kwenye kompyuta inayohifadhi mafaili, kwa kufungua `fsmgmt.msc` na kutazama `Open Files`.

Zipo programu zinazoweza kumpokonya mshikaji faili bila kumsimamisha. `Process Explorer` ya Microsoft inayo amri hiyo, `Close Handle`. Tatizo ni kwamba programu iliyopokonywa haina habari. Inaendelea kuandika ikidhani faili bado ni lake, na maandishi yanaweza kupotea au, vibaya zaidi, kuangukia kwenye faili jingine lililopewa namba ile ile ya ndani. Kuiwasha kompyuta upya ni salama zaidi.

Ila soma ujumbe kabla ya kuanza msako. Ukikuta `You need permission to perform this action`, hapo hakuna programu ya kutafutwa. Hiyo ni habari ya haki za akaunti yako, na hata ukizima kila kitu na kuwasha upya, jibu litabaki lile lile.