Marehemu Hadai, Aliyerekodi Anadai

Video ilikuwa ya dakika nne. Wanawake watatu wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, wameinama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali hadi ngalawa zimelala ubavu. Chini ya sauti ya msimulizi niliweka piano: ile Aria inayofungua tungo za Goldberg za Johann Sebastian Bach. Niliichagua kwa moyo mweupe kabisa. Bach alifariki mwaka 1750, mjukuu gani atakuja kudai? Nikapandisha video YouTube usiku, nikalala. Asubuhi nikakuta dai la hakimiliki. Matangazo yanapita juu ya wanawake wangu, na fedha zake zinakwenda kwa kampuni ya muziki ambayo sijawahi hata kuisikia.

Nilikasirika mpaka mchana. Kisha nikakiri kwamba mdai alikuwa na haki yake.

Wimbo mmoja hubeba haki mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Kuna tungo, yaani sauti na maneno kama alivyoyapanga mtunzi. Kuna na rekodi, yaani siku fulani mtu fulani alipokaa mbele ya maikrofoni akaipiga tungo hiyo. Fikiria mashairi ya Muyaka. Yeye alifariki 1840, na leo yeyote anaweza kuyaghani barazani bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini ukichukua kanda ya mghani wa juzi ukaiweka kwenye filamu yako, umechukua mali ya mghani huyo na ya aliyegharamia studio. Faili langu la Bach nilipewa na rafiki kwenye flashi. Aliyelipiga yuko hai, na studio yake inalipa kodi ya pango.

Sheria ya Tanzania Bara ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 huilinda tungo muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani inahesabu miaka 70, na kwa rekodi za zamani ina hesabu yake ya peke yake: zile zilizotoka kabla ya 1923 ziliachiwa huru tarehe 1 Januari 2022 tu. Video ya mtandaoni haikai Paje. Inatazamwa Muscat na Minnesota siku hiyo hiyo, kwa hiyo kilicho huru kwetu kinaweza kuwa na mwenyewe kule.

Nilichotaka kujua zaidi ni jinsi nilivyokamatwa. Piano ile ilikuwa imefunikwa na sauti ya msimulizi, upepo na maji, na sidhani kama kuna binadamu aliyeketi kuisikiliza. Kazi hiyo hufanywa na mfumo unaoitwa Content ID, ambao YouTube waliuanzisha mwaka 2007. Wenye rekodi hupeleka nakala zao, na kila video mpya hulinganishwa nazo. YouTube hawaanikii watu undani wa mashine yao, ila njia ya kutambua muziki inayojulikana sana ni ile aliyoieleza Avery Wang wa Shazam mwaka 2003, na inatosha kuonyesha ujanja wenyewe.

Chora sauti kama ramani. Kutoka kushoto kwenda kulia ni muda, kutoka chini kwenda juu ni sauti nzito kupanda hadi nyembamba. Penye nguvu pang'ae, penye unyonge pawe giza. Sasa futa vyote ubakize vile ving'aavyo kuliko jirani zake. Utabaki na kitu kama anga la usiku. Mashine huchukua nyota mbili mbili na kuandika mambo matatu: kimo cha sauti ya kwanza, cha ya pili, na muda uliopita kati yake. Kila jozi inakuwa namba. Rekodi moja ina maelfu ya namba hizo, na ndizo alama za kidole chake. Msimulizi akizungumza juu ya piano, baadhi ya nyota hupotea na nyingine ngeni huongezeka, lakini zikibaki jozi za kutosha zilizopangika kwa mfuatano uleule, mashine imeshamjua mwenye mali. Ndiyo maana hadithi ya mtaani kwamba ukitumia chini ya sekunde 30 uko salama haina mguu. Sheria haina kipimo hicho, na mashine haihitaji sekunde zote hizo.

Ila mashine hiyo inajua kufanana tu. Leseni haijui, wala tarehe ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2018 mpiga piano Mwingereza James Rhodes alijirekodi nyumbani akipiga Bach, akaweka video Facebook, na sekunde 47 zake zikadaiwa kuwa ni mali ya Sony Music. Dai liliondolewa baada ya watu kupiga kelele. Mwaka huo huo, Januari, Mwaustralia Sebastian Tomczak alikuta madai matano juu ya video yake ya saa kumi za mvumo mtupu, ule wa redio iliyokosa stesheni, aliouunda mwenyewe kwenye kompyuta. Kwa hiyo muziki salama una mambo mawili: uwe halali kwako, na uwe na ushahidi mkononi siku mashine itakapokosea.

Nikarudi mezani kuchagua upya, safari hii nikianza na hisia kabla ya leseni. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikizunguka kwenye boksi. Watazamaji waliona mgomvi, mwoga, wapenzi. Mwaka 1988 Sandra Marshall na Annabel Cohen waliichukua filamu hiyo hiyo wakaiwekea muziki tofauti, na muziki ulipobadilika, tabia ambazo watu waliziona kwenye maumbo nazo zikabadilika. Kama muziki unaweza kuipa pembetatu tabia, jihadhari unapouweka juu ya mtu mwenye jina na watoto.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Jaribio la kwanza lilikuwa ukulele wa furaha, mapigo 120 kwa dakika, ule muziki wa matangazo ya benki. Wanawake wakageuka vichekesho, kana kwamba wanakimbizana na kamba. Jaribio la pili lilikuwa fidla za huzuni, nzito na za polepole. Hapo wakawa maskini wa kuombewa msaada, na mmoja wao ndiye mwenye nyumba ya bati kubwa kuliko zote pale mtaani kwake. Picha ni zilezile, sikugusa hata fremu moja.

Kwa uzoefu wangu kasi ndiyo ya kuanza nayo, kabla ya kuuliza kama muziki ni wa furaha au huzuni. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake walichapisha utafiti wao kwa Wamafa wa milima ya kaskazini mwa Kameruni, watu ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Kizungu. Walichezewa piano, na waliweza kutambua furaha, huzuni na hofu zaidi ya kubahatisha. Kasi ilikuwa miongoni mwa dalili walizozifuata. Basi nilizima sauti ya video, nikaitazama mikono, nikagonga meza kwa kidole kila fundo linapokazwa. Fundo moja lilichukua kama sekunde tatu, yaani mafundo 20 kwa dakika. Muziki wa mapigo 60 kwa dakika, wenye mapigo matatu kwa kila kipimo, unatimiza kipimo kimoja kwa kila fundo. Na Aria ya Bach ni ya mapigo matatu. Kumbe sikio langu lilikuwa limeihesabu kabla yangu.

Kwa nini si taarabu? Niliulizwa na kila niliyemwonyesha. Taarabu ina maneno, na maneno ya Kiswahili chini ya msimulizi wa Kiswahili hupigania sikio moja. Msikilizaji hujikuta anafuata mafumbo ya mwimbaji na kupoteza habari ya mwani. Taarabu ya ala tupu ingefaa sana, lakini sikuipata yenye ruhusa ya maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mpiga qanuni mmoja wa kundi la watu kumi na wawili si ruhusa.

Leseni za Creative Commons ndizo rahisi kuzipata, na herufi zake zisomwe kama unavyosoma mkataba wa kiwanja. BY inataka umtaje mtunzi, jina la kazi, leseni yake na mahali ulipoipata. NC inakataza biashara, kwa hiyo ukishawasha matangazo umeingia mashakani. SA inataka kazi yako nayo uitoe kwa leseni ileile. Wengi hunaswa na ND, isiyoruhusu mabadiliko. Watu husema, mimi sikuukata wimbo, nimeuweka mzima. Lakini maandishi ya leseni hizo yanahesabu kuoanisha muziki na picha zinazotembea kuwa ni mabadiliko. Muziki wa ND hauingii kwenye video hata usipoukata sekunde moja. CC0 ndiyo iliyoachiwa kabisa, bila sharti.

Na Bach wangu alikuwepo humo. Mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka, kwa michango ya watu mtandaoni, alirekodi tungo zote za Goldberg na kuziachia kwa CC0. Tungo huru, rekodi huru. Nilipakua Aria, nikapiga picha ya ukurasa wenye leseni, tarehe ikionekana kwenye skrini, nikaiweka kwenye folda moja na mradi. Dai likija, ukurasa wa video una sehemu ya kulipinga, na mdai ana siku 30 za kujibu. Mwenye picha ile anajaza fomu kwa dakika tano.

Ikabaki sauti yenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao kwa watu wenye ulemavu unapendekeza muziki uwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20, yaani mawimbi yake yawe na kimo cha kama sehemu moja ya kumi ya yale ya msemaji. Ukiwa na spika nzuri utaona umeufuta. Usiamini. Nilikwenda kuisikiliza kwa simu, kwenye daladala ya Paje inayorudi mjini, na piano ilikuwepo, kama mtu aliye chumba cha pili.

Nilipandisha video mpya siku ya Ijumaa. Dai likaja tena, la sekunde kumi na moja, dakika ya tatu. Si Bach. Mama wa kati alikuwa amefunga redio ndogo kiunoni, na kwa mbali, chini ya upepo, kuna bongo fleva inaimba. Mimi sikuwahi kuisikia mpaka mashine iliponionyesha.