Sekunde 15 za Mama Lishe wa Posta

Wafanyakazi wa maofisini Posta, Dar es Salaam, hupita bandani bila kusimama. Sekunde 15 zinatosha maneno 30 hivi, kwa hiyo salamu iwe fupi, chakula kitajwe mapema, kisha bei:

"Jamani wa maofisini, karibuni! Leo tuna sahani mpya: wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga, mchicha, na juisi ya ukwaju ya baridi. Vyote elfu nne tu! Dakika mbili unakula. Tupo hapa chini ya mwembe!"

Asipotaja bei, kila mteja atauliza "shilingi ngapi?" na foleni itakwama. Hizo dakika mbili nazo azitamke pale tu samaki wameshakaangwa. Mwenye saa moja ya mapumziko akicheleweshwa leo, kesho atakula kwingine.