Nodi ya Meshi Ikihamishwa na Kupotea

Wiki iliyopita niliitwa kwa dada yangu. Alikuwa ameihamisha nodi moja ya waifai ya meshi kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma, ghorofa ya juu. Simu ikamwandikia "Offline", naye akataka kuifuta nodi aiunganishe upya. Nilimwomba asubiri.

Nodi haisahau ruta kwa sababu ya kuchomolewa umeme. Kumbukumbu ya kuunganishwa hubaki ndani yake. Tuliirudisha sebuleni, tukaiwasha, na baada ya dakika tatu ikaonekana. Basi tatizo lilikuwa pale juu.

Nodi isiyo na waya huvuta mtandao kwa redio kutoka nodi kuu, mara nyingi kwa masafa ya 5 GHz, ambayo ni ya kasi lakini huchoshwa upesi na zege, matofali na tangi la maji. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na namba zake ni hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Sebuleni programu ya simu ilionyesha -56. Chumba cha nyuma nodi ilijitokeza kidogo kwa -82, ikapotea tena. Kwangu mimi, -65 ni salama. Ikipita -75, tegemea kukatikakatika. Tukaijaribu kwenye kona ya ngazi, mbali na friji: -63, ikatulia. Nodi inafaa kukaa katikati ya njia, pale ambapo bado inasikia vizuri. Ukiiweka ndani kabisa ya chumba kisicho na mtandao, nayo itakosa cha kusambaza.

Chumbani kwenyewe kasi bado ilikuwa ndogo, kwa hiyo tukavuta waya wa Cat6. Mara ya kwanza nodi ilibaki kimya. Fundi alikuwa ameuchomeka kwenye modemu ya kampuni ya mtandao, ambayo iko mbele ya nodi kuu. Waya unatakiwa utoke kwenye tundu la LAN la nodi kuu yenyewe, au kwenye swichi iliyo nyuma yake. Tulipouhamisha, taa ya tundu ikawaka. Isipowaka, badilisha waya au bana vichwa vyake upya kabla ya kulaumu nodi.

Kuunganisha upya ni kwa nodi ambayo haionekani hata ikikaa mita mbili kutoka nodi kuu. Hapo ifute kwenye programu, bonyeza kitufe cha kuweka upya kwa pini hadi taa ibadilike (mara nyingi ni sekunde kumi hivi, ila mwongozo wa kifaa ndio wa kufuata), kisha iongeze kama mpya ikiwa hapo hapo karibu. Subiri taa itulie kabisa ndipo uihamishe. Ukianzia ghorofani, itashindwa kujiunga, nawe utadhani imekufa.